Mgeni akisema "haya, nishangaze"

*"Shikamoo mwalimu. Nina miezi minne tu nikitembeza wageni hapa Lamu. Karibu kila mgeni, tukishuka tu gatini, ananiambia: 'Haya, niambie kitu. Nishangaze.' Hapo mimi hubabaika, ama namwaga yote niliyosoma mpaka naona macho yake yamerudi kwenye simu. Ungekuwa wewe, ungechagua kipi kimoja, na ungekisema vipi?"*

Marahaba mwanangu. Mimi humwambia hivi, na simwambii gatini: "Upana wa chumba hiki hakuuamua mwenye nyumba wala fundi. Uliamuliwa na mti wa mkoko." Basi. Nikishasema hayo nanyamaza, natazama dari, na yeye anatazama dari.

Ni sentensi mbili fupi, lakini zimenichukua miaka kuzifikia. Wacha nikueleze kwa nini hizo na si nyingine, maana ukizikariri bila kujua kilicho nyuma yake, swali la kwanza la mgeni litakuangusha.

Kwanza mtazame huyo anayekuambia "nishangaze". Ametua Manda, amevushwa kwa boti, nywele zimejaa chumvi, mkoba umemwelemea na jua linamchoma. Wakati ule hakuombi historia ya Lamu. Anataka kujua kama saa mbili zijazo zitakuwa na ladha. Kichwani ana nafasi ya jambo moja, na hilo moja ukilimwaga pale gatini, kati ya wapakizi na punda na vijana wanaoita "teksi boti, teksi boti", limepotea. Kwa hiyo mimi hukopa muda. Humwambia, "Nipe dakika kumi tufike kivulini, nitakushangaza kwa kitu utakachokigusa." Hajawahi mtu kunikatalia, na dakika zile kumi za njiani anatembea akingojea.

Sasa jibu lenyewe. Mwaka wangu wa kwanza jibu langu lilikuwa twiga. Kisa unakijua: mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China kwa mfalme Yongle, na watu wa baraza lake wakampokea kama yule mnyama wa heri anayetajwa katika ngano zao. Ni kisa kitamu. Nikakisimulia kwa kundi la watu sita pale barazani, tena nikaongeza kwamba picha yake ilichorwa na ipo mpaka leo. Mzee mmoja kati yao akaniuliza kwa upole, "Picha ile si ya twiga wa 1414, aliyepelekwa kutoka Bengali?" Na kweli, twiga walikuwa wawili. Wa kwanza alipelekwa na watu wa Bengali mwaka 1414, na ile picha maarufu ni ya huyo. Wa Malindi alifuata mwaka uliofuata. Mimi nilikuwa nimewafanya mmoja. Mzee hakunitukana, lakini kutwa nzima kila nilichokisema wenzake walimgeukia yeye kwanza, waone kama anakubali kwa kichwa.

Kosa langu halikuwa kuchanganya miaka tu. Tulikuwa Lamu nikasimulia Malindi na China, na hapakuwa na kitu chochote mbele yetu nilichoweza kukinyooshea kidole. Mgeni alikuwa na njia moja tu ya kunisadiki, yaani kuniamini, na mtu aliyekujua kwa robo saa hana sababu ya kukuamini.

Baadaye nikajaribu vita vya Shela. Hivi navyo ni vitamu zaidi kwa maoni yangu: mwanzoni mwa karne ya 19 jeshi la Pate na Mazrui wa Mombasa lilishuka Shela kuipiga Lamu, likashindwa, likakimbilia majahazi yake, likayakuta yamekaa mchangani kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa. Wakauawa pale pale ufukweni. Lakini jaribu kukisema kwa mtu wa Nyeri au wa Milano aliyefika asubuhi hii. Lazima umweleze Pate ni wapi, Mazrui ni nani, kwa nini Mombasa iingie, na kupwa na kujaa kwa maji ya huku kukoje. Ukimaliza hizo, mshangao umeshapoa. Kisa hicho nakiweka kwa siku ya Shela, maji yakiwa yametoka na mashua zimelala ubavu mbele yetu. Hapo hakihitaji hata dakika moja.

Kuhusu "Lamu hakuna magari", hiyo iache kabisa. Mgeni ameisoma kabla ya kununua tiketi, na siku hizi pikipiki zinakukanusha mbele ya macho yake.

Boriti zilinijia kwa bahati. Nilikuwa katika nyumba ya zamani mtaani, fundi anakarabati dari, mimi na mgeni tumesimama tukingoja aondoe ngazi. Mgeni akauliza tu, si kwa kunijaribu, "Mbona vyumba vyote vyembamba hivi?" Fundi, bila kugeuka, akasema, "Si boriti ndizo fupi." Nikamwona mgeni akinyanyua uso, akatazama miti ile, kisha akatazama ukuta huu na ukuta ule, kisha akacheka peke yake. Nilijua hapo hapo nimepata jibu langu, nami nilikuwa nimeishi chini ya dari za namna hiyo tangu utotoni bila kuliwaza.

Sikiliza sasa jambo lenyewe, ulijue vizuri.

Nyumba ya mawe ya Lamu ukiingia unapita daka, baraza ya mlangoni, halafu tekani, ukumbi wa kuingilia, unatokea kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Kutoka kiwanda vyumba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani, kule ambako giza linazidi na zidaka, vile vishubaka, zimejaa ukutani. Kila kimojawapo ni kirefu kwa ubavu lakini kwa kwenda mbele ni hatua chache tu. Mgeni akiuona wembamba huu hudhani ni umaskini wa nafasi, au ni desturi ya faragha. Faragha ipo, ndiyo sababu vyumba vimefuatana vile, wa ndani akawa mbali na mlango. Lakini wembamba una sababu yake nyingine.

Dari imebebwa na boriti za mikoko. Wakata miti wa huku huigawa miti ya mikoko kwa unene: fito ndizo nyembamba kabisa, kisha pau, mazio, boriti, nguzo, na kuendelea mpaka vigingi. Boriti ni mti wa unene wa kama sentimita 11 hadi 13 hivi, yaani wa kujaa viganja viwili. Huuzwa kwa korija, miti 20 kwa korija moja. Mti wa mkoko huko majini unaweza kuwa mrefu, lakini kipande kilichonyooka, chenye unene mmoja mwanzo hadi mwisho, si kirefu kama unavyotarajia. Ukishatoa ncha mbili zinazozama ndani ya kuta, kinachobaki hewani ni kama mita mbili na nusu, mara chache kinakaribia mita tatu. Huo ndio upana wa chumba. Tajiri angeweza kurefusha chumba chake kwa ubavu apendavyo, kwa kuongeza boriti nyingine na nyingine. Kukipanua hakuweza.

Mgeni makini atakuuliza, "Kwa nini wasitafute mti mrefu zaidi?" Hapa ndipo wengi huanguka, wakasema "haikuwepo" wakanyamaza. Jibu ni uzito. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa ya matumbawe, na juu yake humwagwa kokoto na chokaa, ikapondwa siku kadhaa mpaka ikashika. Chukua sakafu ya unene wa sentimita 30. Mita moja ya mraba ya vitu vile ni karibu nusu tani. Boriti zikikaa kila baada ya sentimita 30, na chumba kikiwa na upana wa mita mbili na sentimita 70, kila mti mmoja umebeba kama kilo 400, sawa na magunia manane ya saruji, usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi. Na mti haupindi kwa kadiri ya urefu tu. Ukikipanua chumba mara moja na nusu, nguvu ya kuupinda mti inazidi mara mbili na zaidi, kwa sababu umeongeza mzigo na papo hapo umeupeleka mbali na ukuta unaoushikilia. Kwa hiyo hata ukipata mkoko mrefu ulionyooka, utatepeta katikati, chokaa itapasuka, mvua itaingia ufani, mti utaoza. Mafundi wa zamani hawakupiga hesabu hii kwa kalamu. Waliona dari zilizoanguka.

Usimwambie mgeni haya yote! Nakuambia wewe, ili akiuliza uwe nayo. Yeye apewe zile sentensi mbili tu.

Nitakupa mfano wa juzi juzi, uone linavyokwenda. Walikuja mtu na mkewe kutoka Nakuru, na binti yao wa kama miaka kumi na miwili. Baba ni mtu wa utani, hatujafika hata msikitini ananiambia, "Bwana, usitupe vile vya kwenye mtandao. Tushangaze." Nikakopa dakika zangu kumi. Tukaingia ile nyumba ya Kiswahili ya makumbusho, tukapita kiwandani, nikawapeleka moja kwa moja msana wa tini. Sikusema neno kuhusu zidaka, wala kitanda, wala plasta. Nikawaacha watulie macho, maana ukitoka juani nusu dakika ya kwanza huoni kitu. Kisha nikasema zile sentensi zangu.

Baba akatazama juu. Mama akatazama ukuta. Binti akaniuliza, "Mti gani?" Nikamwonyesha dari: "Hiyo. Ingekuwa mirefu, chumba kingekuwa kipana." Kisha nikamwambia anyooshe mikono yote miwili, ncha za vidole vya mmoja zikigusa ukuta, na baba yake aendelee alipoishia yeye. Mikono ya mtoto iliyonyooshwa na sehemu kubwa ya mikono ya baba, ukuta wa pili huu hapa. Nikawaeleza kwamba pima moja ya mtu mzima ni dhiraa nne, na chumba kile ni pima moja na nusu, dhiraa sita hivi. Wakakimbilia msana wa yuu, binti mbele, kupima na huko. Sawasawa. Wakaenda ndani. Sawasawa au karibu. Baba akaniambia, "Sasa nyumba nzima umeniharibia, kila chumba nitatazama dari." Na kweli, mpaka jioni tulipokuwa tunakunywa chai, alikuwa ananyanyua shingo mkahawani.

Umeona nilichofanya? Nilisema kidogo, kazi iliyobaki wakaifanya wao kwa mikono yao. Ile hatua ya kupima ndiyo inayotofautisha jibu hili na twiga wangu. Hakuna aliyelazimika kuniamini.

Sasa kuhusu maneno yenyewe, kwa sababu umeuliza ungekisema vipi. Mwanzo nilikuwa nasema, "Vyumba vya Lamu ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko ni fupi." Ni kweli tupu, na haishtui mtu, kwa sababu nimeanza na jibu. Halafu nikajaribu kuanza na swali: "Unajua kwa nini vyumba hivi ni vyembamba?" Hili lina ubaya wake. Mgeni anajiona yuko darasani, anabahatisha, "Joto?" nawe huna budi kumwambia hapana. Umemkosesha mbele ya mkewe kabla hata hujamkaribisha. Sentensi niliyonayo sasa inaanza na kile anachokidhania, kwamba nyumba huamuliwa na mwenye pesa na fundi wake, inakiondoa, halafu neno "mkoko" linakuja mwisho kabisa. Likija mwisho, ndilo analobaki nalo mdomoni. Usiongeze baada yake "kwa sababu". Ngoja. Hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani, nawe utatamani kuujaza. Usiujaze.

Na akisha kushangaa asipouliza kitu, endelea na safari. Si kila mtu anataka sababu. Wapo wanaotosheka na kutazama juu mara moja, na hilo ni lao.

Akiuliza, ndipo una jibu la pili mfukoni, na mimi nina moja tu: ukienda katika nyumba za kale za Kuwait au Bahrain, utakuta vyumba vya upana kama huu huu. Kule jangwani hakuna msitu wa miti ya kujengea, basi majahazi yalikuja huku na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakarudi na kusi yamejaa boriti. Miti yetu ikawapimia na wao vyumba vyao. Biashara hiyo iliendelea mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuuza miti ya mikoko nje, mwaka 1982. Wazee waliopakia majahazi hayo wapo bado mitaani, na ukimpata mmoja barazani mwenye nafasi, mpe salamu umwachie yeye aseme. Atalisema vizuri kuliko mimi na wewe.

Kuna mambo ya kuangalia usije ukaaibika. La kwanza, si kila dari yenye boriti inabebwa na boriti. Nyumba nyingi zilizokarabatiwa zimemwagwa zege juu, kisha miti ikapachikwa chini yake kuwa pambo. Chumba kikiwa na upana wa mita tano, na boriti nzuri zimepangwa dari nzima, usiseme sentensi yako humo. Mgeni atapima, na atakukuta. Kuitambua si kazi: boriti ya kazi imeingia ndani ya ukuta pande zote mbili, na kati ya mti na mti ni kama shibiri tu, mara nyingi imechongwa pembe nne. Za pambo huwa zimeachana sana, hazipindi hata kidogo, na juu yake unaona zege laini badala ya mawe. Dari ya kweli ya zamani, ukilala chali uitazame, utaona walau mti mmoja umelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Usimfiche mgeni huo. Ndio ushahidi wako.

La pili, maneno. Usiseme "kila nyumba ya Waswahili", sema "chumba hiki". Nyumba za makuti na udongo zina mambo yake, na nyumba za ghorofa za karne iliyopita zimejengwa kwa vifaa vingine. Ukisema "chumba hiki" umesimama mahali pamoja ambapo huwezi kukosea.

La tatu, mgeni akikuuliza kama mikoko bado inakatwa, jibu lake ni ndiyo, kwa leseni. Kaunti yetu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kuna watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Nimewasikia vijana wakigeuza swali hilo kuwa hotuba ya mazingira ya robo saa. Mgeni aliomba kushangazwa, hakuomba semina.

Utaniuliza, na siku ambayo hakuna nyumba ya kuingia? Mtu ana saa moja tu, anataka kuzunguka mtaani arudi kwenye boti. Hapo tumia nje ya ukuta. Katika vichochoro utakuta gofu, nyumba iliyoanguka dari, kuta zimebaki. Tazama juu ya ukuta kwa ndani, utaona safu ya vishimo, kama shibiri kati ya kimoja na kingine. Hapo ndipo vilipozama vichwa vya boriti. Mwonyeshe vishimo vya ukuta huu, kisha vya ukuta unaotazamana nao, ajionee mwenyewe urefu wa mti ambao haupo tena. Mimi naona hili lina nguvu hata kuliko dari nzima, ila linataka mgeni mwenye subira, na uchague gofu lisilogeuzwa jalala.

Na ukiwa na wageni walioteremka mpaka Malindi, Gedi iko karibu. Watu walihama mji ule karne ya 17, paa zote zimekwenda na maji, mibuyu imeota ndani. Wageni wengi huko hutembea wakitazama chini, kwenye visima na misingi. Wewe wasimamishe ndani ya chumba kimoja cha nyumba yoyote, waambie wanyooshe mikono. Halafu wapeleke msikiti mkuu, wenye safu za nguzo katikati. Akikuuliza nguzo zote zile za nini mahali pa kuswalia, mpaka nyingine zinamziba mtu asione kibla vizuri, mwambie ahesabu hatua kutoka nguzo moja hadi ya pili, arudi akuambie amepata ngapi.

Jambo la mwisho, maana umeniambia unaingia pia nyumba za watu. Omba ruhusa kabla, piga hodi ungoje ukaribishwe, na ukifika msana wa tini ishia hapo. Msana wa yuu na ndani ni kwa wenyewe. Chumba kimoja kinakutosha kwa sentensi mbili. Na mwenye nyumba akiwa yupo, mwachie yeye aseme boriti zake zilitoka kisiwa gani, kama anajua. Mama mmoja huko Langoni alinisimamisha katikati ya maneno yangu, akaonyesha mti wa tatu kutoka mlangoni, mweusi kuliko wenzake, akasema huo ulibadilishwa mwaka aliozaliwa mwanawe wa kwanza. Mgeni aliupiga picha huo tu, ikawa picha moja aliyopiga nyumba nzima.